Kwa nini baruapepe halali hunaswa kama taka

Kichujio cha baruapepe kinachofuata kanuni ya Bayes, kama kilichomo katika programu ya SpamAssassin, hakielewi maana ya barua. Huhesabu maneno katika barua ambazo kimefunzwa, kisha hukadiria uwezekano wa barua mpya kuwa taka.

Tuchukue mfano wa chama cha akiba na mikopo ambacho kichujio chake kimefunzwa kwa barua taka 200 na halali 200. Iwapo neno “mkopo” limo katika taka 80 (asilimia 40) na halali 2 pekee (asilimia 1), neno hilo peke yake huipa barua uwezekano wa asilimia 98 wa kuwa taka. Ombi la mwanachama hunaswa bila kusomwa.

Karani akikifunza kichujio kuwa barua hiyo moja ni halali, kiwango hushuka hadi asilimia 96 tu. Akikifunza nyingine 49 zenye neno hilo, hufika asilimia 66. Hapo maneno yaliyozoeleka katika barua halali, kama “mwanachama”, huweza kuiokoa barua.

Hata hivyo, kuitoa barua kwenye folda ya taka pekee hakutoshi. Katika SpamAssassin, hesabu hubadilika barua inapopitishwa kwenye amri `sa-learn --ham`.