Mtoto akinyang'anywa pesa za chakula njiani: namna ya kuandika daftari

Kwa miaka kadhaa nimekuwa katika kamati ya wazazi ya skuli moja ya msingi upande wa Kisauni. Malalamiko ya watoto wadogo kunyang'anywa pesa za chakula na wanafunzi wakubwa hutufikia kila muhula, na mengi hufia ofisini. Mzazi huingia na hasira na kusema, "Mwanangu anaibiwa kila siku." Mwalimu mkuu humuuliza lini, wapi, na nani. Mzazi hana jibu, mkubwa aliyetajwa hukana, na kesi huishia hapo. Kinachokosekana mara nyingi ni maandishi.

Mtoto mwenyewe huwa hasemi kwa sababu ametishwa. Utaona anarudi na njaa, anaomba aongezewe pesa, anapoteza kalamu kila mara, au anataka kupita njia ya mbali. Usianze kwa kumuuliza, "Fulani ndiye aliyekuibia?" Hapo umeshamtilia jina kinywani. Muulize, "Leo saa nne ulikula nini?" kisha mwache asimulie.

Nunua daftari dogo na kila tukio ulipe ukurasa wake, siku ile ile. Andika tarehe, siku ya wiki na saa. Andika mahali kwa alama inayojulikana, kama duka, mwembe au kona ya msikiti. Andika kilichochukuliwa, maneno yaliyosemwa, watoto waliokuwapo, na namna mwanao anavyomtambua huyo mkubwa: jina, lakabu, sare au darasa. Maneno ya mtoto yaandike kama alivyoyatamka, na dhana zako ziweke chini, mbali nayo. Ukikosea, piga mstari mmoja uandike upya pembeni; usichane ukurasa.

Chukua mfano wa mama mmoja aliyetuletea daftari lake. Mwanawe wa gredi ya nne alikuwa akipewa shilingi 40 kwa siku. Katika wiki mbili mama aliandika matukio sita. Mara nne zilikwenda shilingi 40, mara moja 20, jumla shilingi 180, na mara ya sita zilichukuliwa kalamu mbili na rula. Tulipozipanga kurasa, zote zilikuwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, mwendo wa saa moja kasorobo asubuhi, nyuma ya ukuta ule ule. Siku hizo dadake hutangulia skuli kwa zamu ya usafi, na mtoto hutembea peke yake.

Mtaani kila mtu alimshuku kijana mmoja wa jirani. Lakini daftari la zamu la skuli lilionyesha kwamba saa hiyo, siku hizo, yeye alikuwa akisimama getini. Mtoto naye alikuwa amesema, "Ana sweta ya kijani," na skuli yetu haina sweta ya kijani. Mwalimu mkuu akazungumza na mwenzake wa skuli jirani, wakubwa wawili wakapatikana, na wazazi wao wakaitwa. Bila ya kurasa zile, kijana wa watu angeadhibiwa bure.

Ukipeleka malalamiko, toa nakala na ubaki na daftari lenyewe. Omba nakala yako igongwe muhuri na kuandikwa tarehe ya kupokelewa. Skuli isipochukua hatua, nenda kwa chifu au kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo, au piga 116, simu ya bure ya kusaidia watoto. Mtoto akiumizwa au akitolewa kisu, usingoje kurasa zijae: mpeleke hospitali, uripoti kituo cha polisi, na nambari ya OB uiandike kwenye daftari.

Jua pia mipaka yake. Daftari peke yake halithibitishi kosa. Ni maneno ya mtoto yaliyosikiwa na mzazi. Nguvu yake ni kuandikwa siku ile ile na kulingana na maneno ya watoto wengine walioulizwa mmoja mmoja. Na huyo mkubwa naye ni mtoto. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inasema aliye chini ya miaka 12 hawezi kubebeshwa hatia ya jinai. Kwa hivyo usimvizie njiani umpige, wala usirushe picha yake kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Ukifanya hivyo, kesi itageuka kuwa yako.

Hata baada ya wazazi kukutanishwa, endelea kuandika kwa wiki chache. Wakubwa wengine hutulia siku mbili tatu kisha huhamia kona nyingine, na tarehe mpya ndizo zitakazokuonyesha.