Unachokora Vigaga Kichwani Hadi Damu Itoke? Soma Hii Kabla Mkono Urudi Juu Tena

Uko kwa kochi unaskroli simu, mkono mmoja uko kichwani. Kidole kinapata kitu kigumu, unakibandua, unaskia raha kidogo, halafu unaona damu kwa ukucha. Kesho kutwa hapo hapo pamemea kigaga kingine. Kama hiyo ni stori yako, jua hauko solo. Hii tabia inaitwa dematilomania, na tangu 2013 madaktari wa akili wameiweka kwa kitabu chao cha magonjwa, karibu na zile shida za mtu kurudia kitu bila kupenda. Kwa hivyo si uchafu, na kuambiwa "wacha basi" haisaidii mtu.

Mbona haiishi?

Kitu inakurudisha hapo ni kigaga chenyewe. Vidole hupenda kutafuta penye si laini. Ukibandua, ngozi inaanza kupona upya, na kidonda kikipona huwa kinawasha. Mwasho unaita mkono, mkono unapata kigaga kipya, na mzunguko unaanza tena. Ndio maana kidonda cha siku chache kinaweza kukaa miezi. Pahali pamoja pakichokorwa sana, kovu linaweza kuua mizizi ya nywele na hapo hazimei tena.

Anza kwa kuspai mkono wako

Kwa siku 3, kila ukijipata unachokora, andika kwa simu: saa ngapi, uko wapi, mkono gani, na ulikuwa unaskia aje. Usijikatae, andika tu.

Tuseme ni dem wa miaka 23 anaishi bedsita. Anaangalia notsi zake anapata karibu zote ni kati ya saa tatu na saa tano usiku, akiwa kitandani na video, simu iko mkono wa kulia, wa kushoto uko free. Sasa anajua vita iko wapi. Saa tatu kasoro anavaa boneti, anakata kucha fupi, na anashika simu na mikono miwili. Mkono wa kushoto ukianza kupanda, anakunja ngumi na kuikaza dakika moja au zaidi, hadi ile hamu ishuke. Hiyo mbinu ya kupea mkono kazi nyingine ilianzishwa na wanasaikolojia Azrin na Nunn mwaka wa 1973, na bado ndio inatumika. Akiteleza siku moja, anaendelea na mpango siku inayofuata.

Kidonda nacho?

Lengo ni kidole kikija kisipate kitu ya kubandua. Nawa mikono kwanza. Osha kichwa na maji ya uvuguvugu na shampuu isiyo kali, bila kusugua na kucha, kisha ukaushe kwa kugusa gusa na taulo safi. Paka vaselini kidogo juu ya kidonda, asubuhi na usiku. Kidonda kikikaa na unyevu hakitengenezi kigaga kigumu, na kinapona poa kuliko kikiwa kikavu. Badilisha foronya na boneti mara kwa mara.

Wachana na spiriti, dawa ya meno na ndimu. Zinachoma ngozi changa na kuchelewesha kupona. Kemikali ya kulainisha nywele, rangi na misuko ya kukaza zingoje hadi ngozi ifunge kabisa. Kwa kinyozi pia ngoja, juu mashine ikipita kwa kidonda wazi inaweza kukuachia magonjwa ya mteja aliyetangulia.

Cheki pia kama kuna kitu kilianzisha mwasho. Mba, chawa na mashilingi zote huwasha, na zisipotibiwa utakunja ngumi hadi uchoke. Mba ina shampuu ya ketokonazo kwa famasi, lakini itumie vidonda vikishafunga. Mashilingi ya kichwani huhitaji tembe kutoka kwa daktari, mafuta pekee hayafiki kwa mzizi wa nywele.

Saa ya kuona daktari

Enda ukiona usaha, harufu, homa, uvimbe unaosambaa, ama vifundo vyenye uchungu nyuma ya shingo. Kwa ngozi nyeusi wekundu unaweza kujificha, so gusa na mgongo wa mkono: kama pako moto, panang'aa na panauma zaidi ya jana, hiyo ni infeksheni. Kidonda ambacho hujagusa wiki 2 na hakiponi pia kionwe.

Na kama umejaribu ngumi, boneti na kucha fupi na bado unachokora masaa, tafuta mwanasaikolojia anayejua matibabu ya tabia. Mwambie daktari wazi kwamba unajichokora mwenyewe. Usipomwambia, atakupea dawa ya vidonda na vitarudi tu.