Mkono wa Puma na Elimu ya Kujua Kiungo Kilipo

Mnamo mwaka 1978 kampuni ya Unimation, iliyokuwa na makao yake Danbury katika jimbo la Connecticut huko Marekani, ilitoa mkono wa chuma wenye viungo sita uliopewa jina la Puma, nao ulikuwa tunda la fikra za mhandisi Victor Scheinman, ambaye mwaka 1969 alikuwa amekwisha kuunda mkono mwingine wa umeme katika Chuo Kikuu cha Stanford. Mengi yamesemwa juu ya wepesi wa mkono huo na juu ya lugha yake ya amri iliyoitwa VAL. Walakini jambo moja ambalo wanahistoria hulipita upesi, nami naliona kuwa ndilo lenye maarifa mengi kwa atakaye kuzifahamu mashine za leo, ni namna mkono ule ulivyotambua, kila umeme ulipowashwa, kwamba viungo vyake vilikuwa vimeelekea wapi.

Mota kwa tabia yake huzunguka tu, wala haina habari ya umbali iliokwenda, na kwa sababu hiyo hutiwa mwishoni mwa mhimili wake chombo kidogo cha kupima mzunguko, kiitwacho enkoda. Jinsi zake ni mbili: ile ya kuhesabu, ambayo mafundi huiita inkrimentali, na ile ya mahali kamili, waiitayo absoluti. Puma ilichukua ile ya kwanza. Ndani yake mna kisahani kilichochorwa mistari myembamba inayolingana kwa nafasi, upande mmoja pana taa na upande wa pili macho mawili ya umeme, na kisahani kinapozunguka mwanga hukatwa na kurejeshwa, kila jicho likatoa mipigo yake. Hikima iko katika kuyapanga macho hayo: hayakuwekwa sambamba, bali la pili limesogezwa kwa robo ya hatua moja ya mistari, hata mota ikizunguka upande mmoja jicho la kwanza hutangulia, na ikigeuka upande wa pili huwa ndilo linalofuata, na kwa kutangulia na kufuata huko mashine hutambua upande wa mwendo. Fauka ya hayo, kila mstari unapopita huleta mabadiliko manne, mawili kwa kila jicho, na yote manne huhesabiwa. Basi kisahani chenye mistari 250 hutoa hesabu 1000 kwa mzunguko mmoja.

Ndivyo ilivyokuwa kwa kiungo cha kwanza cha Puma 560, kile cha kiunoni. Mota yake ilitoa hesabu 1000 kwa mzunguko, na baina ya mota na kiungo palikuwa na giya zilizopunguza mwendo kwa kadiri ya mara 62.6, maana yake mota ilizunguka mara 62 na zaidi ndipo kiungo kikatimiza mzunguko mmoja. Tukizidisha twapata kama hesabu 62,600 kwa mzunguko mzima wa kiungo, yaani upambanuzi wa nyuzi 0.00575 kwa kila hesabu; na mtu akipima umbali wa sentimita 80 kutoka kwenye mhimili, hesabu moja ni mwendo wa milimita 0.08. Ni kipimo chembamba kwa kisahani chenye mistari michache kiasi hicho, na sifa yake aghalabu huwaendea waliokichora kisahani ilhali sehemu kubwa ni ya giya. Ni dharura pia kutenganisha upambanuzi na usahihi, kwa kuwa giya zikiwa na nafasi baina ya meno yake, kiungo chaweza kucheza ndani ya nafasi hiyo na enkoda iliyo nyuma ya mota isione lolote.

Sasa na tutazame umeme unapokatika. Enkoda ya kuhesabu haina kumbukumbu ya mahali hata chembe. Kumbukumbu yote imo katika kihesabio kilicho ndani ya kabati la udhibiti, na umeme ukiondoka hesabu hufutika, na taa ya enkoda nayo huzimika. Katika Puma viungo vitatu vikubwa vilikuwa na breki, lakini vile vitatu vya kifundo cha mkono havikuwa nazo, hivyo kifundo kiliweza kulegea na kuinama, au mtu kukisukuma kwa bega akipita, pasiwe na jicho la kuyashuhudia hayo. Umeme uliporejea mashine ilikuwa na upambanuzi uleule wa ajabu, illa haikuwa na pa kuanzia kuhesabu.

Dawa ya kawaida ya maradhi haya ni kuiongoza mashine polepole kuelekea upande mmoja mpaka iguse swichi ya mpaka, kisha kurudi kidogo mpaka kisahani kionyeshe alama ya sifuri, ambayo ni mstari wa pekee unaopita mara moja tu katika kila mzunguko. Mashine za kuchonga chuma hufanya hivyo hadi leo, na hazidhuriki, kwa sababu meza yao hunyooka katika njia moja isiyo na kizuizi. Lakini mkono wenye viungo sita uliosimama katikati ya kazi, pengine kidole chake kimeingia ndani ya tundu la chombo unachokiunga, hauwezi kuambiwa utembee mpaka mwisho wa kila kiungo ukitafuta swichi, maana utavunja kilicho mbele yake au utajivunja wenyewe.

Kwa hiyo wahandisi wa Puma walitia pamoja na kila enkoda potensiometa, kifaa cha kale na cha bei nafuu ambacho volti yake hubadilika kwa kadiri kilivyogeuzwa, na ambacho hukumbuka mahali pake hata umeme ukikatika, kwani kumbukumbu yake ni mkao wake wenyewe. Potensiometa peke yake haikuwa na usahihi wa kutosha kuongoza mkono ambao kampuni iliutangaza kuwa hurudia mahali pake kwa tofauti ya milimita 0.1, lakini haikutakiwa kufanya kazi hiyo. Ilitakiwa kujibu swali moja tu: mota iko katika mzunguko wake wa ngapi? Mwendeshaji aliandika amri `CAL`, na kila kiungo kikasogea kidogo mpaka alama ya sifuri ikaonekana; mashine ikasoma volti ya potensiometa, ikajua alama hiyo ni ya mzunguko upi, na tangu hapo hesabu ikawa kamili. Kwa kiungo cha kiunoni mzunguko mmoja wa mota ni nyuzi 5.75, basi kiungo hakikuhitaji kusogea zaidi ya hapo, na potensiometa ilitosha ikiwa kosa lake halikuzidi nusu ya kiasi hicho.

Hapo ndipo ulipokuwa mlango wa nuksani yake. Potensiometa ikichakaa, au fundi akibadilisha mota bila kuandika upya uhusiano wa volti na mizunguko, mashine huweza kukadiria mzunguko wa jirani badala ya ule wa kweli, na kosa linalotokea si dogo wala la kubahatisha, bali ni mzunguko mmoja kamili: nyuzi 5.75, ambazo kwa umbali ule wa sentimita 80 ni kama sentimita 8. Fundi mwenye uzoefu hulijua kosa la jinsi hii kwa ukubwa wake. Mkono ukikosea kwa kiasi ambacho ni sawasawa na mzunguko mzima wa mota, kosa ni la kutafuta sifuri. Ukikosea kwa kiasi kidogo kinachokua siku nzima, basi hesabu zinapotea njiani, kwa vumbi kwenye kisahani au kwa mchafuko wa umeme katika waya, na ithibati yake hupatikana kwa kuhesabu kutoka alama moja ya sifuri hadi ya pili, kwani mahali pa 1000 huonekana 998 au 997.

Msomaji atauliza, na ana haki, kwa nini haikutumiwa enkoda ya mahali kamili tangu awali, na hali ilikuwa imekwisha kujulikana. Kisahani chake hakina njia moja ya mistari bali njia nyingi, moja ndani ya nyingine, na kila njia ina jicho lake, hata kila pembe ya mhimili ina namba yake ya pekee iliyoandikwa kwa giza na mwanga. Njia 13 hutoa namba 8192. Tatizo la kale la kisahani hicho ni mpito kutoka namba hadi namba: katika hesabu ya kawaida ya namba mbilimbili, tatu huandikwa 011 na nne huandikwa 100, basi njia zote tatu hubadilika pamoja, na kwa kuwa hakuna macho yanayoona kwa wakati mmoja kabisa, kwa nukta moja mashine yaweza kusoma 111, yaani saba. Frank Gray wa maabara za Bell, katika hataza aliyoiomba mwaka 1947 na kupewa mwaka 1953, alieleza mpangilio ambamo kila hatua hubadilisha njia moja tu. Kwake yeye tatu ni 010 na nne ni 110, hivyo kosa la mpito haliwezi kuzidi hatua moja. Gray alikuwa akishughulika na mawasiliano, si na mota, na mpangilio wa namna hiyo ulikuwa umekwisha kutumiwa na Émile Baudot katika simu za maandishi huko Ufaransa katika karne ya 19. Lakini ni visahani vya enkoda vilivyolieneza jina la Gray viwandani.

Hata hivyo mpangilio huo haukuitatua shida ya Puma, kwa kuwa kisahani cha namna hiyo hujua pembe ndani ya mzunguko mmoja tu, na mota ya Puma ilizunguka makumi ya mara. Ilibidi zitafutwe njia za kuhesabu mizunguko yenyewe. Wako waliotia giya ndogo ndani ya enkoda, zinazogeuza visahani vingine polepole zaidi, nao huhesabu mizunguko 4096 pasipo kuhitaji umeme. Wengine, na hawa ndio wengi katika mikono ya viwandani, walitia betri inayolinda kihesabio cha mizunguko mashine inapozimwa. Betri ni rahisi, lakini ahadi yake ina mpaka: ikiisha, roboti ya Fanuc kwa mfano huonyesha `SRVO-062 BZAL`, na baada ya kubadilisha betri na kuifuta hitilafu hiyo, fundi hulazimika kuvipeleka viungo kwenye alama zilizochongwa kiwandani na kuiambia mashine upya mahali palipo sifuri. Ndiyo sababu hutakiwa betri zibadilishwe kabati likiwa limewashwa. Njia ya tatu ni waya uliogunduliwa na John Wiegand, ambao usumaku wake hugeuka kwa ghafula sumaku inapopita hata ikipita polepole namna gani, ukatoa mpigo wenye nguvu ya kutosha kukiamsha kihesabio na kuandika mzunguko mmoja bila betri yoyote.

Madhali mambo ni hivyo, mimi siafiki desturi ya kuchagua enkoda kwa kutazama upambanuzi kwanza, kwa kuwa jinsi zote mbili sasa hupatikana kwa upambanuzi mkubwa kuliko mashine nyingi zinavyoweza kuutumia. Swali la kutangulia ni hili: umeme ukirudi, je, mashine ina ruhusa ya kusogea kabla haijajua ilipo? Mkanda wa kubebea mizigo unayo, na mhimili wa mashine ya kukereza vivyo hivyo, kwani huo hutaka kujua kasi yake na alama moja ya kuanzia kukata hesi. Huko enkoda ya kuhesabu yatosha, na ni ya bei ndogo na waya wake ni mchache. Mkono wa roboti, winchi ya kuinulia mizigo, na antena kubwa inayogeuzwa polepole hazina ruhusa hiyo. Lakini hata hapo enkoda ya mahali kamili hushuhudia mhimili wake tu: kiungio kinachoishika kwenye mota kikilegea na kuteleza, itaendelea kutoa namba safi isiyo na dosari yoyote kwenye skrini, na kosa litaonekana tu pale fundi atakapokileta kiungo kwenye alama iliyochongwa na kukuta chuma na namba havikubaliani.