Warfarini haigusi damu

Februari 1933, Ed Carlson, mkulima wa Wisconsin, Marekani, alisafiri katikati ya dhoruba ya theluji hadi mji wa Madison akiwa na mtamba aliyekufa, majani makavu yaliyoota ukungu na chombo cha maziwa kilichojaa damu isiyoganda. Mwanakemia Karl Link na wenzake walihangaika na majani yale hadi 1939 walipopata fuwele za dikumaroli, sumu iliyotokana na kuoza kwake. Ndugu yake warfarini iliingia sokoni 1948 kuulia panya. Kule Copenhagen, Henrik Dam alikuwa amekwishaona vifaranga wakivuja damu kwa kulishwa chakula kisicho na mafuta, na kiini walichokikosa akakiita vitamini K. Ugonjwa ulionekana uleule, ila vifaranga walipungukiwa na kitu, na ng'ombe wa Carlson walikuwa wamekula kitu.

Tofauti hiyo ndiyo inayoonyesha kwamba warfarini haiyeyushi damu, wala haiharibu vitamini. Ini hutengeneza protini kadhaa za kugandisha damu, na kabla ya kuziachia huzibandika vipande vya kaboni dioksidi vinavyoziwezesha kushika kalsiamu na kung'ang'ania penye jeraha. Kila kipande kikibandikwa, molekuli moja ya vitamini K huchakaa. Kwa kuwa akiba ya mwili ni ndogo, kuna kimeng'enya kinachoihuisha molekuli hiyohiyo ili itumike tena na tena. Warfarini hukizuia kimeng'enya hicho. Kinachorudishwa kazini, basi, ni vitamini, si protini. Protini zilizokwisha kuingia kwenye damu huendelea kufanya kazi hadi ziishe zenyewe: moja hupungua nusu kwa saa sita hivi, nyingine huchukua siku mbili au tatu. Ndiyo maana mgonjwa mwenye damu iliyoganda mguuni huchomwa heparini kwa siku kama tano za mwanzo, huku akimeza warfarini.

Mtu atauliza: kama kimeng'enya kimezuiwa, kuongeza vitamini kunasaidia nini? Swali ni la haki, na jibu lilitangulia maelezo. Mwaka 1951 kuruta wa jeshi la Marekani alimeza sumu hiyo ya panya kwa siku kadhaa ili ajiue. Alipewa vitamini K na damu, akapona. Ini lina kimeng'enya kingine ambacho warfarini haikiwezi. Hakiwezi kuhuisha molekuli iliyochakaa, lakini huiandaa iliyo mpya. Dozi kubwa hupita njia hiyo, ingawa kila molekuli hutumika mara moja tu. Kwa hiyo huenda ikabidi dozi irudiwe. Tena ini huhitaji saa kadhaa kutengeneza protini mpya, na anayevuja damu vibaya huongezewa protini zilizo tayari.

Wengine huhitimisha kwamba mtumiaji wa warfarini aache mchicha na kisamvu. Sikubaliani nao. Daktari hupanga dozi kwa kipimo cha INR, akilenga kwa wengi kati ya 2 na 3, na kipimo hicho tayari kimehesabu mboga anazokula mgonjwa. Akiziacha ghafla, INR hupanda na fizi zinaweza kuanza kutoka damu. Akizila kwa wingi ghafla, hushuka na damu huweza kuganda tena.