Joto la Paa na Ukubwa wa Kiyoyozi

Katika ofisi ya mita za mraba 20 jijini Dar es Salaam, iliyoezekwa kwa bati na kuwekewa dari ya jasi pekee, sehemu kubwa ya kazi ya kiyoyozi hutoka juu. Mchana wa jua kali, hewa iliyo kati ya bati na dari inaweza kufikia nyuzi joto 50, ilhali chumbani zinatakiwa 25. Kwa tofauti hiyo, dari hupitisha takribani wati 1,200. Kuta, madirisha, watu na vifaa vikiongeza wati 2,200, hulazimu kufunga kiyoyozi cha BTU 12,000.

Sufu ya kioo yenye unene wa milimita 100 ikitandazwa juu ya dari bila kushindiliwa, joto hilo hushuka hadi wati 200 hivi, na kiyoyozi cha BTU 9,000 hutosha. Kile kikubwa kikibaki, huwaka na kuzimika kila baada ya dakika chache. Chumba hupoa upesi lakini hubaki na unyevunyevu, kwa kuwa hewa haipati muda wa kukaushwa. Ndiyo maana vipimo vya kiyoyozi huchukuliwa baada ya dari kukamilika. Chumba chenye ghorofa nyingine juu yake hakihusiki na hesabu hii.