RTP 96% kwenye sloti: inasema nini, na haiahidi nini

Ukifungua maelezo ya mchezo wa sloti kwenye simu yako, mara nyingi utakuta maandishi kama haya: RTP 96%. Wengi huyaelewa hivi: nikiweka shilingi 5,000, hata bahati ikinikataa nitatoka na 4,800. Sivyo, na hapo ndipo pesa za watu zinapoishia.

RTP ni sehemu ya madau ambayo mchezo umepangwa kuwarudishia wachezaji wote kwa ujumla, ndani ya mamilioni ya mizunguko. Katika kila shilingi 100 zinazochezwa, kwa wastani 96 hurudi kama ushindi na 4 hubaki kwa kampuni. Hesabu hii haiangalii pesa uliyoweka kwenye akaunti. Inaangalia kila dau, hata lile unalocheza kwa pesa uliyoshinda dakika moja iliyopita.

Tupige hesabu. Una shilingi 5,000 na kila mzunguko unacheza 100. Ukibonyeza mara 10 kwa dakika, kwa saa moja ni mizunguko 600, yaani madau ya shilingi 60,000. Umewezaje wakati ulikuwa na 5,000 tu? Ni kwa sababu ushindi mdogo mdogo umekuwa ukiurudisha mchezoni. Asilimia 4 ya 60,000 ni shilingi 2,400. Hiyo ndiyo hasara ya wastani kwa saa, karibu nusu ya pesa uliyoanza nayo, wala si shilingi 200 ulizodhani.

Na huo ni wastani tu. Sehemu ya ile asilimia 96 imefungwa kwenye ushindi mkubwa unaotokea kwa nadra. Mmoja akiupata, wengine wengi wamepokea chini ya 96. Ndiyo maana 5,000 yako inaweza kuisha kabla ya nusu saa bila mchezo kuwa na hitilafu yoyote.

Kingine, mchezo hauna kumbukumbu. Kila mzunguko huamuliwa na namba ya kubahatisha inayotolewa upya na kompyuta. Ukikosa mara 50 mfululizo, mzunguko wa 51 una nafasi ileile kama wa kwanza. Hakuna deni mchezo unalokudai wala unalodaiwa, kwa hiyo kuongeza dau ili "kurudisha" pesa kunaongeza tu kiasi kinachokatwa ile asilimia 4.

Mwisho, usitegemee jina la mchezo peke yake. Baadhi ya watengenezaji hutoa mchezo uleule kwa viwango tofauti vya RTP, na kampuni ya kubeti huchagua. Soma maelezo yaliyo ndani ya mchezo kwenye tovuti unayotumia. Lakini hata ukikuta 97, maana yake ni kwamba pesa inapungua polepole zaidi. Bado inapungua.