Grafu tamu, pesa chungu: shilingi inavyotufundisha kuhusu bektesti

Kuna picha inayozunguka kwenye vikundi vya foreksi kuanzia Nyeri mjini hadi Karatina na Nanyuki. Ni grafu inayopanda kama ngazi, na chini yake mtu ameandika roboti hii imejaribiwa kwa bei za miaka mitatu na haijawahi kupoteza mwezi. Halafu kuna bei ya kuinunua. Watu wanachukua mkopo wa sako kwa sababu ya hiyo picha.

Msimamo wangu ni huu: mara nyingi picha hiyo si ya uongo, na hapo ndipo shida ilipo. Namba ni za kweli na hesabu imefanywa sawa, lakini haikuambii chochote kuhusu kesho. Nataka kuonyesha kwa nini, na nitatumia bei ambayo kila mtu hapa anaijua hata kama hajawahi kufungua akaunti ya broka. Hiyo ni bei ya dola kwa shilingi yetu. Najua wengi mnafuata dhahabu na yuro, lakini ugonjwa ni ule ule, na kwa dola historia yake tunaikumbuka.

Bektesti ni kuchukua mbinu ya biashara na kuipitisha kwenye bei za zamani, uone ingekupa nini. Sasa jiweke mwanzoni mwa Januari 2024. Unachukua data kuanzia katikati ya 2021. Wakati huo dola ilikuwa karibu shilingi 108. Mwanzo wa 2023 ilikuwa karibu 123. Mwisho wa Januari 2024 ilikuwa karibu 160. Kwa miaka miwili na nusu wastani wa mwezi ulipanda karibu kila mwezi, polepole, bila kelele.

Mbinu yako ni rahisi: nunua dola bei ikiwa juu ya wastani wa siku kadhaa zilizopita, na uweke kikomo cha hasara cha kukutoa bei ikishuka. Hujui utumie wastani wa siku ngapi wala kikomo cha asilimia ngapi, kwa hiyo unaiachia kompyuta ijaribu yote. Angalia inachofanya. Kikomo kikiwa finyu, kinakutoa kwa mtikisiko mdogo halafu bei inaendelea kupanda bila wewe. Kikomo kikiwa kipana, hakiguswi hata siku moja. Kwa hiyo kompyuta inakupa jibu la haki kabisa kulingana na ilichoonyeshwa: toa kikomo, hakina kazi. Halafu inakwambia kama ungekopa kwa broka na kuzidisha dau mara tano, faida ingekuwa mara tano.

Hapo ndipo mbinu inaposhonwa. Fundi anakushonea suti kwa vipimo vyako, inakukaa vizuri sana, halafu ndugu yako mnene anaambiwa aivae. Kompyuta haikugundua sheria ya soko. Ilipima mwili wa miaka miwili na nusu ikakata kitambaa hapo hapo, na kipande cha kwanza kukatwa kilikuwa kinga.

Februari 2024 ikafika. Sababu kubwa ya hofu ya dola ilikuwa hatifungani ya dola bilioni 2 ambayo Kenya ilipaswa kuilipa Juni mwaka huo, na watu waliogopa serikali itashindwa. Wenye dola walizificha wakingoja zipande zaidi. Tarehe 6 Februari Benki Kuu ikapandisha riba yake hadi asilimia 13. Katikati ya mwezi serikali ikauza hatifungani mpya ya dola bilioni 1.5 ili kununua sehemu kubwa ya ile ya zamani. Kisha ikatoa hatifungani ya miundombinu kwa shilingi, riba asilimia 18.46, na wawekezaji wa nje wakaleta dola zao kuitafuta. Waliokuwa wameficha wakaanza kuuza wote kwa pamoja. Ndani ya siku chache bei ilitoka karibu 160 ikaingia chini ya 150, na mwisho wa Machi ilikuwa karibu 131.

Piga hesabu. Dola 1,000 zilizonunuliwa kwa 160 ni shilingi 160,000. Kwa 131 ni 131,000. Umepoteza 29,000, yaani asilimia 18. Kwa dau lililozidishwa mara tano hiyo ni karibu asilimia 90 ya pesa zako. Na hata wakulima wetu wa kahawa wa Othaya na Mathira, ambao hawana roboti yoyote, waliguswa na upepo huo huo, kwa sababu kahawa kwenye mnada wa Nairobi huuzwa kwa dola na dola moja sasa ilizaa shilingi chache.

Utasema hilo lilikuwa tukio la ghafla ambalo hakuna angeweza kulijua. Hapana, buda. Lilikuwa limeshatokea.

Mwaka 1992 ulipoisha, dola ilikuwa karibu shilingi 36. Mwisho wa 1993 ilikuwa karibu 68. Riba ya hati za hazina ilivuka asilimia 70 mwaka huo, na mwisho wa 1994 dola ilikuwa imerudi karibu 45. Kisha 2011: mwaka ulianza dola ikiwa karibu 81, ikafika karibu 107 mwezi Oktoba. Benki Kuu ikapandisha riba kutoka asilimia 7 hadi 11, kisha 16.5, kisha 18 mwezi Desemba. Mwaka ulipoisha dola ilikuwa karibu 85. Kwa hiyo mtu aliyeanza data yake mwaka 2021 hakukosa bahati. Alichagua dirisha ambalo kitu hiki hakionekani. Labda hata hakuchagua kwa hila. Labda data ya bure aliyoipata ilianzia hapo tu, au miaka ya nyuma ilimharibia grafu akasema soko la zamani lilikuwa tofauti. Huo ndio mlango wa kwanza ambao ushonaji huingilia, na hauna kelele.

Kabla hujakimbia kuandika roboti mpya inayosema "dola ikipanda sana na riba ikiongezwa, uza dola", ngoja. Mwaka 2015 dola ilitoka karibu 90 hadi karibu 106. Benki Kuu ikapandisha riba kutoka asilimia 8.5 hadi 11.5. Dola haikurudi 90. Ilitulia kwenye 101 hadi 103 ikakaa hapo miaka. Ukiitoa 2015 kwa kusema "ile haikuwa sawa na zingine", una mbinu inayofaulu mara tatu kati ya tatu. Na umeishona tena, safari hii kwa mkono.

Mlango wa pili ni idadi ya majaribio. Tuseme watu 1,024 wamejaa soko la Karatina siku ya soko, kila mmoja anarusha sarafu mara kumi. Kwa wastani mmoja wao atapata kichwa mara zote kumi. Huyo hana kipaji, ila kulikuwa na watu wengi. Sasa fungua Strategy Tester ya MetaTrader 5. Wape wastani mfupi chaguo 10, wastani mrefu chaguo 8, kikomo cha hasara chaguo 5 na lengo la faida chaguo 5. Hiyo ni mipangilio 2,000, na programu inakuwekea bora zaidi juu kabisa. Unayemwona pale juu anaweza kuwa yule wa sarafu.

Hili limepimwa. Mwaka 2014 wanahisabati wanne, Bailey, Borwein, López de Prado na Zhu, walionyesha kwamba ukiwa na data ya miaka 5 pekee, ukijaribu zaidi ya mipangilio 45 isiyotegemeana, karibu hakika utapata mmoja unaong'aa hata kama hauna nguvu yoyote. Mipangilio ile 2,000 inafanana fanana, kwa hiyo si majaribio 2,000 kamili, lakini kupita 45 si kazi. Mwaka 2016 watafiti wa jukwaa la Quantopian wakalinganisha mbinu 888 kwa bektesti zake na matokeo ya baadaye. Alama za bektesti hazikueleza karibu chochote kuhusu yaliyofuata, na kadiri mtu alivyokuwa amerudia bektesti mara nyingi, ndivyo pengo lilivyokuwa kubwa.

Mlango wa tatu ni bei yenyewe. Mwanzoni mwa 2023 bei iliyotangazwa na Benki Kuu na bei ambayo benki zilikuuzia dola zilikuwa zimeachana kwa shilingi kadhaa. Bektesti iliyotumia bei ya kutangazwa ilinunua dola ambazo wewe kwenye kaunta usingezipata. Na siku ya kuuza, benki hununua kwa bei ya chini zaidi. Kwa foreksi ya simu ni vile vile: pengo la kununua na kuuza hupanuka wakati wa habari kubwa, na kikomo chako hufungwa mbali na pale ulipokiweka.

Sasa unajuaje? Msukume kidogo aliyekuletea grafu. Kama wastani wa siku 37 unaleta faida kubwa, mwambie aweke 33 na 41. Mbinu yenye kitu ndani yake hupungua kidogo tu. Iliyoshonwa huporomoka. Muulize alijaribu mipangilio mingapi kabla ya kupata huu. Akikosa jibu, chukulia ni mingi. Muulize ni data gani aliyoificha hadi mwisho akaifungua mara moja. MetaTrader 5 ina chaguo la Forward kwa kazi hiyo, lakini ukifungua, ukaona mabaya, ukarekebisha na kufungua tena, data hiyo si ya siri tena. Imeingia kwenye suti.

Na swali linalopita yote: ni nguvu gani iliyosukuma bei kipindi hicho, na je, data ina hata siku moja ambayo nguvu hiyo ilivunjika? Hata hivyo, mbinu ikipita yote haya bado inaweza kufa, kwa sababu soko halikusaini mkataba na mtu.

Baada ya 2024 dola ilitulia karibu shilingi 129 kwa muda mrefu. Mbinu ya kununua ikishuka senti kadhaa na kuuza ikipanda senti kadhaa itatoa grafu safi sana kwenye data hiyo. Ingetoa grafu safi vile vile kwa miaka ya 101 hadi 103. Mtu akikuletea hiyo picha, mwambie akuonyeshe pia 1993, 2011, 2015 na 2024. Akisema hiyo miaka aliitoa kwa sababu haikuwa ya kawaida, weka mkopo wako wa sako mfukoni.